Macho yalikuwa yanalia kumbe ni makavu

Kazi yangu ni kuchapa mahojiano, yani mtu anarekodi maongezi ya saa moja au mawili ananitumia ile sauti, mi naisikiliza naigeuza kuwa maandishi neno kwa neno, pamoja na vikohozi na eeh zote. Siku ya kawaida nakaa mbele ya laptopu masaa nane, kazi zikibanana yanafika kumi na mbili, na nikitoka hapo siendi kupumzisha macho wala nini, napanda kitandani na simu. Nina miaka 43. Naandika haya kwa sababu nilihangaika karibu mwaka mzima natibu kitu ambacho sicho, na karibu kila nilichofanya kujisaidia kilikuwa kinaniongezea tatizo.

Ilianza na machozi. Sio ya kulia, ni chozi tu linajitokea lenyewe kuanzia saa tisa saa kumi hivi alasiri, jicho la kulia kuliko la kushoto, linashuka pembeni ya pua nafuta na mgongo wa mkono linakuja lingine. Halafu nikaanza kuhisi kama kuna mchanga chini ya kope la juu, nanawa maji mara tatu mchanga uko palepale. Halafu ikaja ile iliyonitisha kabisa: jioni nikiinua uso kuangalia saa ya ukutani, mishale siioni vizuri, ni ukungu mtupu, nasubiri wee dakika moja mbili ndo inarudi taratibu. Na kichwa kinagonga hapa juu ya nyusi.

Sasa tiba zangu za nyumbani. Machozi yanatoka, macho mekundu, nikanunua yale matone ya kung'arisha macho. Yanang'arisha kweli, dakika tano jicho jeupe kama la mtoto, ila baada ya wiki mbili nikaona nisipoweka ndo linakuwa jekundu kuliko mwanzo, nikawa naweka mara sita kwa siku. Nikanunua miwani ya kuzuia mwanga wa bluu, nikavaa miezi miwili, hakuna kilichobadilika zaidi ya kuona kila kitu kina unjano kidogo. Nikanunua na miwani ya kusomea ya kuchagua mwenyewe, zile zinazopangwa kwenye stendi zina namba pembeni, nikajaribu moja moja mpaka nikafika +2.00, herufi za simu zikaruka zikawa kubwa nikasema hii ndo yenyewe. Na kwa sababu shingo nayo ilikuwa inauma nikainua laptopu juu ya vitabu vitano vinene nikachomeka kibodi ya pembeni, maana kila mtu anasema skrini iwe juu usiiname. Kwa hiyo we nione hapo: miwani +2.00, skrini juu ya mnara wa vitabu, dirisha lipo mbele yangu nyuma ya laptopu, feni ya mezani upande wa kulia inanipuliza usoni. Nilikuwa najiona nimejipanga.

Kwa daktari nilienda kwa sababu ya ule ukungu. Kabla hajagusa chochote aliniuliza maswali manne matano haraka haraka, kama nimewahi kuona vimulimuli vya mwanga pembeni, kama kuna kitu kama pazia kinashuka kwenye jicho, kama jicho moja linauma sana na kuona duara za rangi kuzunguka taa, kama kuona kumewahi kupotea ghafla. Nikasema hapana yote. Akasema sawa, maana hayo siyo ya skrini, hayo mtu anakimbizwa siku hiyohiyo. Halafu akauliza swali ambalo niliona la kijinga, "Dada, ukungu ukija, ukipepesa macho unaondoka?" Nikamwambia sijawahi kuangalia. Akasema nenda kaangalie wiki moja ndo urudi, ila kabla hujaenda ngoja nikupime machozi.

Machozi? Si ndo yananimwagika hapa.

Alichukua kikaratasi chembamba chenye rangi ya chungwa kichwani, akakilowesha, akakigusisha kwenye jicho, nikaweka kidevu kwenye ile mashine yao akawasha taa ya bluu. Akasema pepesa mara mbili tatu, sasa fungua macho usipepese. Halafu akawa anahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, nne, akasimama. Hapo kwenye nne. Akanieleza kwamba anachotazama ni utando mwembamba wa machozi unaofunika jicho, kila ukipepesa kope linaupaka upya kama fundi anavyopitisha brashi, halafu ukikaa bila kupepesa unaanza kupasuka, na kwenye ile rangi mpasuko unaonekana kama madoa meusi. Kwa mtu ambaye yuko vizuri unakaa sekunde kumi na zaidi. Wangu ulipasuka kwenye ya nne.

Sasa kwa nini machozi yanamwagika kama jicho ni kavu? Hapa ndo nilipokaa kimya. Jicho likikauka linachoma, likichoma tezi ya machozi inashtuka inamwaga maji kwa fujo, yale yale ya kukata vitunguu, na ni maji matupu hayana mafuta ya kutosha kwa hiyo hayagandi juu ya jicho, yanateleza yanaishia shavuni. Utando mzuri una mafuta juu yake, yanatoka kwenye vitundu vidogo vilivyopangana kwenye ukingo wa kope, na kinachoyakamua yale mafuta ni kupepesa. Kope likifunga sawasawa linakamua kidogo. Usipofunga hayatoki, yanaganda humohumo. Kwa hiyo mi nilikuwa nafuta machozi nikidhani nina mengi.

Akanituma nihesabu kupepesa kwangu. Huwezi kujihesabu mwenyewe maana ukianza kufikiria tu unapepesa, kwa hiyo nilimwambia binti yangu aweke simu juu ya rafu inirekodi uso wakati nafanya kazi, bila mimi kujua ni siku gani wala dakika gani. Alinirekodi pia tukiwa tunapiga stori. Usiku tukakaa wawili kuhesabu, yeye anacheka mi sicheki. Kwenye stori mara 17 kwa dakika. Kwenye laptopu mara 6. Na tulipoirudisha video polepole tukaona katika zile sita, mbili tu ndo kope zimegusana, nyingine nne kope linashuka nusu linarudi juu, kama mtu anasinzia halafu anagutuka. Zile nusu nusu hazipaki sehemu ya chini ya jicho kabisa.

Piga hesabu ya darasa la tatu. Mara 6 kwa dakika ni kila sekunde 10. Utando unapasuka sekunde ya 4. Kwa hiyo katika kila sekunde kumi, sita jicho langu liko uchi, na feni inalipuliza. Dakika nzima ni sekunde 36 uchi. Zidisha masaa nane. Na lile swali la kwa nini jicho la kulia ndo linalia zaidi halikuhitaji daktari, feni ilikuwa kulia.

Hapo nikamuuliza mbona nikisoma kitabu siumii hivi, maana hata kitabu mtu anakodoa. Akasema kitabu unakishika chini, macho yanaangalia chini, kope la juu linashuka lenyewe linafunika nusu ya jicho. Skrini ikiwa juu kope linafunguka lote, sehemu iliyo wazi inakuwa kubwa na inakauka haraka. Nikakumbuka mnara wangu wa vitabu. Nilivyorudi nyumbani nikapima, ukingo wa juu wa skrini ulikuwa sentimita 6 juu ya macho yangu, yani nilikuwa naangalia juu siku nzima kama mtu anayesubiri mvua. Ushauri wa shingo na ushauri wa macho unagombana hapo na hakuna aliyewahi kuniambia. Suluhu yao ni kwamba ukingo wa juu wa skrini uwe sawa na macho au chini yake kidogo, na katikati ya skrini iwe chini ya macho sentimita 10 mpaka 15 hivi. Nikatoa vitabu vitatu. Viwili vikabaki, shingo haikulalamika.

Feni niliihamisha ikawa inapuliza miguu. Matone ya kung'arisha nikayatupa, alisema yale yanabana mishipa midogo ya damu tu, dawa ikiisha nguvu mishipa inafunguka kwa hasira ndo maana jicho linarudi jekundu zaidi, na hayalainishi chochote. Akanipa ya kulainisha, machozi ya bandia, zile chupa ndogo ndogo za kutumia mara moja zisizo na dawa ya kuhifadhi, kwa sababu ukiweka zaidi ya mara nne kwa siku ile dawa ya kuhifadhi nayo inaanza kulikera jicho. Jioni naweka kitambaa cha maji ya moto ya kuvumilika juu ya kope dakika tano mpaka kumi, kikipoa nakichovya tena, ile ni kulainisha mafuta yaliyoganda. Kiukweli hii ya kitambaa nilidharau mwanzoni, niliona mambo ya bibi, ila ndo ilikuwa inaondoa mchanga kuliko matone.

Na zoezi la kupepesa. Linachekesha lakini ndo hivyo. Unafunga macho taratibu, unahesabu mbili, ukiwa umefunga unabana kidogo kama mtu aliyeingiwa moshi, unafungua. Mara kumi. Ukiweka kidole pembeni ya jicho usihisi msuli unaruka wakati wa kufunga taratibu kabla ya kubana, ukiruka ujue unakunja uso badala ya kufunga kope. Nafanya kila nikimaliza faili moja.

Nikarudi baada ya wiki na jibu la ukungu. Nilikuwa nimeandika kwenye kikaratasi kila mara. Mchana ukungu ulikuwa mdogo na nikipepesa mara mbili unasafika. Asubuhi mapema baada ya kutoka kitandani na simu, na usiku, hata nipepese mara ishirini haubadiliki, unaondoka wenyewe baada ya dakika moja au mbili. Daktari akafurahi kama mwalimu. Akasema hapo una vitu viwili siyo kimoja. Ule unaosafika ukipepesa ni wa machozi. Ule usiosafika ni msuli wa ndani ya jicho, ule unaoibana lenzi ili uone karibu, umebana muda mrefu ukiangalia mbali hauachii mara moja.

Sasa tukaingia kwenye umbali, na hapa ndo miwani yangu ya +2.00 iliponiumbua.

Aliniagiza nije na vipimo nilivyojipima na futi kamba, kutoka kwenye jicho mpaka kwenye skrini, nikiwa nakaa kawaida siyo nikiwa najifanya nimekaa vizuri. Laptopu sentimita 42. Simu nikiwa nimekaa sentimita 30. Simu kitandani nimelala ubavu, binti ndo alipima, sentimita 20. Daktari akachukua kalamu. Wana kipimo chao kinaitwa dayopta, na hesabu yake ni rahisi, unachukua 100 unagawa kwa umbali wa sentimita. Kitu kikiwa sentimita 50 msuli unafanya kazi ya 2. Kikiwa 30 ni ya 3 na zaidi. Kikiwa 20 ni ya 5. Kikiwa mita sita ni karibu na sifuri, msuli umelala. Yani ukisogeza kitu nusu ya umbali kazi inakuwa mara mbili.

Halafu akapima uwezo wangu wote, akaniletea kadi yenye maandishi madogo taratibu kuelekea usoni mpaka nikasema yameanza kupotea. Yalipotelea sentimita 20. Maana yake nina 5, basi, hiyo ndo nguvu yote niliyobaki nayo, mtoto ana 10 na zaidi na inapungua kila mwaka hata ufanyeje, ni lenzi inakomaa. Na mtu hawezi kukaa kwenye nguvu yake yote kwa muda mrefu, anakaa kwa raha kwenye nusu. Nusu yangu ni 2.5. Sasa angalia, simu kitandani inanidai 5, yani kila usiku nilikuwa nambeba mtu wa uzito wangu wote mgongoni saa nzima halafu nashangaa asubuhi sitembei. Nusu ya 5 ni 2.5, na 100 gawa kwa 2.5 ni 40. Simu yangu inatakiwa kukaa sentimita 40. Hiyo namba ni yangu mimi, yako itakuwa tofauti, lakini njia ya kuipata ni hiyohiyo.

Nikasema lakini kwenye laptopu si navaa miwani ya kusaidia? Akacheka. Miwani ya +2.00 inakusaidia karibu lakini inakufungia mlango mbele: kwa mtu asiye na tatizo la kuona mbali kama mimi, kwenye +2.00 mwisho wa kuona vizuri ni sentimita 50. Ukipita hapo kila kitu ni ukungu, hata uwe umelegeza msuli wote. Kwa hiyo nilikuwa siwezi kukaa mbali hata ningetaka. Nilipojaribu kurudisha kiti nyuma herufi zinafifia, mwili wenyewe unasogea mbele, ndo maana nilikuwa 42. Na mgongo umepinda, na shingo inauma, nikaongeza vitabu. Unaona mnyororo huo? Miwani ikanivuta mbele, shingo ikauma, nikainua skrini, kope likafunguka, jicho likakauka.

Dawa yake ilikuwa kuvua. Skrini ya laptopu ikikaa sentimita 65 inanidai 100 gawa 65, kama 1.5, ambayo iko chini ya nusu yangu. Yani kwenye kompyuta sihitaji miwani kabisa, kwa sasa. Kwa simu na maandishi madogo akaniandikia +1.00 nyepesi. Akasema miaka michache mbele hesabu itabadilika, nguvu ikishuka hata 65 itanishinda, hapo nitatengenezewa miwani ya umbali wa kompyuta, na nimwambie anayenipima umbali halisi wa skrini yangu, kwa sababu miwani ya kusomea wanaipima kwa umbali wa kitabu ambao ni 40 hivi, ukiitumia kwenye skrini ya 65 unarudi kulekule kuinama.

Nilifurahi nikaenda nyumbani nikasukuma laptopu mpaka 65 nikapima na kamba. Baada ya dakika kumi nikajikuta nimeifuata. Kweli tena, kiti kiko palepale lakini mimi niko mbele, pua imeelekea skrini. Herufi zilikuwa ndogo mno kwa ule umbali, macho yanaona lakini kwa kukamua, na mwili hautaki kukamua unasogea. Kuna kipimo cha hili nacho nimekipenda. Simama mara tatu ya umbali wako wa kazi, kwangu 65 mara tatu ni 195, karibu mita mbili, jaribu kusoma maandishi unayofanyia kazi. Kama huyasomi yakuze mpaka uyasome, ndo urudi kukaa. Maana herufi ya kusoma kwa raha inatakiwa iwe mara tatu ya ile ndogo kabisa unayoweza kuiona. Nilibonyeza `Ctrl` na `+` nikasimama ukutani, sisomi, nikarudi nikabonyeza tena, mara nne nimetembea hivyo, nikafika asilimia 150 ndo nikasoma kutoka ukutani. Hasara yake skrini inabeba mistari michache, unasogeza ukurasa mara nyingi, na ukishiriki skrini kwenye mkutano wenzako wanakuuliza kama unaumwa. Waache waulize.

Nikakata uzi wa sentimita 65, nikaufunga kwenye bawaba ya laptopu. Nikihisi nimesogea nauvuta mpaka pembeni ya jicho. Ukilegea nimeshaingia ndani.

Mwanga sitachukua muda mrefu. Dirisha lilikuwa nyuma ya laptopu, kwa hiyo nikiangalia skrini nilikuwa naangalia na jua la alasiri lililo nyuma yake, ndo maana saa tisa saa kumi ndo muda wa kuumwa. Jaribu hili ukiwa umekaa kazini: weka kiganja juu ya nyusi kama kofia, ukihisi macho yamepumua kuna mwanga unakusumbua kutoka mbele au juu. Nilipoweka nilihisi uso wote umelegea. Nikageuza meza dirisha likawa ubavuni. Halafu zima skrini uiangalie ikiwa nyeusi, unachokiona mle ndani, taa au dirisha au shati lako jeupe, ndo kinachokaa juu ya maandishi yako siku nzima, niliona taa ya dari imekaa katikati kabisa nikainamisha skrini kidogo ikatoka. Ukali wa skrini yenyewe naweka karatasi nyeupe pembeni, ukurasa mweupe kwenye skrini ukionekana unawaka kama taa kuliko karatasi napunguza, ukionekana wa kijivu naongeza. Mchana na usiku siyo sawa. Ile mandhari nyeusi yenye herufi nyeupe niliijaribu nikaiacha, mboni inapanuka na kwangu herufi nyeupe zilikuwa zinatoa ukungu pembeni, wengine inawafaa.

Na ile miwani ya bluu, daktari alisema mwaka 2023 watafiti wa Cochrane, wale wanaokusanya na kulinganisha tafiti za tiba, walikusanya majaribio 17 wakaona haipunguzi uchovu wa macho wa kompyuta ukilinganisha na miwani ya kawaida, angalau kwa muda mfupi. Binti anaitumia kuchezea.

Mapumziko ndo yalinishinda zaidi ya vyote. Kanuni unaijua, kila dakika 20 angalia kitu kilicho mita 6 kwa sekunde 20. Nikaweka alamu. Siku ya kwanza nimeitii, ya pili naizima huku naendelea kuchapa, ya tatu nikaifuta, maana inalia katikati ya sentensi ya mtu anayeongea haraka na nikiacha hapo nimepoteza uzi. Na hata siku nilizotii, kitu cha kwanza nilichofanya kwenye mapumziko ni kushika simu. Yani natoka kwenye kazi ya 1.5 naenda kupumzikia kwenye kazi ya 3. Binti ndo aliniambia, mama si ulisema unapumzika.

Nikaacha alamu nikafuata kazi yenyewe. Kazi ya kuchapa lazima urudie kusikiliza, unachapa kama dakika tano za sauti, ambazo zinanichukua dakika 20 au 25 kuchapa, halafu unarudisha kusikiliza kama umeruka kitu. Sasa ule mzunguko wa kurudia mi siangalii skrini. Nasimama, naangalia nje mti ulio ng'ambo, kama nimeruka neno sikio linaniambia, nafanya na kupepesa kwangu kumi hapohapo. Sijaongeza dakika hata moja kwenye siku na makosa yamepungua, kwa sababu nilikuwa nikisoma huku nasikiliza macho yananidanganya kwamba neno lipo. Wewe kazi yako inaweza kuwa na sehemu kama hiyo, simu ya kuongea, kusubiri faili lipakie, kikao cha kusikiliza tu. Pasipokuwa na sehemu kama hiyo sijui, labda alamu.

Kichwa kiliacha kugonga ndani ya wiki ya kwanza baada ya kuvua miwani. Ule ukungu wa jioni ulichukua kama wiki mbili. Machozi yalikuwa ya mwisho, wiki ya tano ya sita ndo nikagundua alasiri imepita sijafuta uso. Baada ya miezi miwili daktari alirudia ile ya kuhesabu, safari hii akafika tisa ndo akasimama. Akasema siyo kumi, nikasema ila siyo nne. Siku zenye kazi ya haraka bado mchanga unarudi jioni, na nikimrekodisha binti siku hizo naona kabisa kope zinarudia tabia ya nusu nusu.

Simu ya kitandani ndo bado tunapigana. Nikilala ubavu mkono hauwezi kukaa mbali, unachoka, simu inashuka yenyewe mpaka 20. Nimejaribu kulala chali nikaiangusha usoni mara mbili. Kwa sasa inalala sebuleni nikipata nguvu ya kuiacha huko, ambayo ni kama siku nne kati ya saba, na asubuhi nikifungua macho naangalia saa ya ukutani kabla ya kitu kingine chochote. Leo mishale nimeiona mara moja, saa kumi na mbili na dakika ishirini.